Andiko Dhana la Warsha ya Walimu kuhusu Ufundishaji Tofautishi: Mfano wa Usomaji wa Kiswahili katika Darasa la Tatu, Lubumbashi

0. Utangulizi

Andiko dhana ni maandishi mafupi, kwa kawaida kurasa tatu au nne, ambayo mwandalizi wa warsha huyawasilisha kwa wakuu wa shule, wakaguzi na wafadhili kabla ya kazi kuanza. Humo hueleza tatizo, malengo, washiriki, ratiba na namna matokeo yatakavyopimwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi andiko la namna hiyo linavyoundwa pale mada inapokuwa ufundishaji tofautishi, yaani ule unaozingatia kwamba watoto wa darasa moja hawako katika ngazi moja ya ujuzi. Ili maelezo yasielee hewani, umechukuliwa mfano mmoja: warsha ya siku tatu kwa walimu 24 wa darasa la tatu la msingi katika shule nane za mtaa mmoja wa Lubumbashi, kuhusu usomaji wa Kiswahili. Warsha yenyewe na takwimu za darasa zitakazotajwa zimetungwa kwa ajili ya maelezo. Mambo mengine yote ni ya kweli.

1. Tatizo

Maandiko mengi ya namna hii huanza kwa kurasa mbili za kusifu elimu. Hayo yote yaweza kuachwa. Sehemu ya kwanza ina kazi moja tu, nayo ni kueleza tatizo kwa namna ambayo mkuu wa shule ataliona darasani mwake mwenyewe.

Katika Kongo tatizo hilo lina sura yake. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika mafundisho. Elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, iliyokuwa imeandikwa katika Katiba hiyo, ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Tangu hapo madarasa yalijaa. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa miaka miwili au mitatu waliingia pamoja na wale waliokuwa wamefuata masomo bila kukatiza. Basi mwalimu wa darasa la tatu hukuta mbele yake mtoto anayesoma hadithi kwa ufasaha akikaa dawati moja na mwenzake asiyetambua silabi ba. Anapoandika ubaoni sentensi moja kwa wote, wa kwanza hupoteza wakati wake, na wa pili huimba sentensi hiyo kwa kufuata sauti za wenzake. Uimbaji huo wa pamoja ndio unaoficha tatizo. Mgeni akipita mlangoni atasikia darasa zima likisoma.

Gharama yake huonekana baadaye. Kadiri mtoto anavyopanda madarasa, Kifaransa huchukua nafasi kubwa zaidi, na hakuna mwalimu wa darasa la tano anayepewa saa za kufundisha silabi. Mtoto aliyefika huko bila kusoma, kwa kawaida hasomi tena, huacha shule.

2. Dhana yenyewe, na ile inayofaa kuachwa

Wazo la ufundishaji tofautishi si geni kwa walimu waliosoma Kifaransa, kwa maana Louis Legrand alilieneza nchini Ufaransa tangu miaka ya 1970. Kwa upande wa Marekani, Carol Ann Tomlinson alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999 kwamba mwalimu aweza kutofautisha yaliyomo katika somo, njia ya kujifunza au kazi ambayo mtoto anatoa, kwa kufuata utayari wake, mapendeleo yake au namna yake ya kujifunza.

Mambo hayo ni mengi mno kwa siku tatu. Andiko dhana linalotaka kuyafundisha yote huishia kwenye mihadhara. Kwa darasa la watoto zaidi ya 60, utayari peke yake unatosha: mtoto anajua nini sasa, na hatua inayofuata ni ipi. Aidha, hapana budi kuacha kabisa lile fundisho lililozoeleka la kuwagawa watoto katika wanaojifunza kwa macho, kwa masikio na kwa mikono. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walichunguza utafiti uliokuwapo juu ya jambo hilo, wakaona kwamba haukuwa na ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha mgawanyo huo shuleni. Hata hivyo bado hujitokeza katika warsha, pengine kwa sababu ni rahisi kuuchora ubaoni.

Mfano unaofaa zaidi kwa hali ya Kongo umetoka India. Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai katika miaka ya 1990, lilizoea kuwapanga watoto wa madarasa ya katikati kwa ngazi zao za kusoma badala ya umri, kwa sehemu ya siku. Zambia, jirani wa Haut-Katanga, ilianza kujaribu njia hiyo mwaka 2016 kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Lakini somo kubwa zaidi kwa mwandishi wa andiko dhana limo katika majaribio yaliyoshindwa. Katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand, walimu wa serikali walipopewa mafunzo na vifaa peke yake, usomaji wa watoto haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Katika Haryana, mwaka wa shule 2012-2013, ilitengwa saa maalumu katika ratiba, na wasimamizi wa elimu wakawatembelea walimu darasani; hapo usomaji wa Kihindi uliboreka. Kwa hiyo warsha isiyogusa ratiba ya shule wala ziara za baadaye haifai kuandaliwa, hata kama fedha zipo.

Ndiyo sababu andiko la mfano huu linawaalika pia wakuu wa shule nane, si kwa hotuba ya ufunguzi, bali kwa siku nzima ya tatu. Mwalimu hana mamlaka ya kuhamisha dakika 45 katika ratiba, mkuu anayo.

3. Malengo

Lengo la kuwajengea walimu uwezo haliwezi kushindwa wala kufaulu, kwa sababu hakuna anayejua lingeonekanaje. Andiko hili linaweka malengo matatu tu. Kwanza, kila mwalimu aweze kumpima mtoto mmoja kwa mdomo, kwa muda wa dakika tatu hivi, na kumweka katika ngazi yake. Pili, aweze kuendesha dakika 45 za makundi matatu kwa kutumia matini moja na fishi moja ya matayarisho. Tatu, baada ya kila wiki tano awapime watoto upya na kuwahamisha wanaostahili kuhama.

Lengo la kwanza ndilo linalobeba mengine, nalo lina ugumu ambao wataalamu wa Kiswahili wa Lubumbashi wanaweza kuufafanua kuliko mtu yeyote.

Kipimo chenyewe ni karatasi moja yenye sehemu nne: silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi. Kwa kufuata desturi ya kipimo cha India, mtoto huanzia katikati, kwenye aya. Akiisoma bila kukwama zaidi ya mara tatu hupewa hadithi. Akishindwa hurudishwa kwenye maneno, achague matano na kusoma angalau manne. Akishindwa tena hupewa silabi kwa kanuni ileile. Ngazi yake ni ile ya juu kabisa aliyoiweza. Asiyeweza hata silabi huandikwa katika ngazi ya mwanzo.

Sasa, mtoto wa Lubumbashi anaposoma mti, mara nyingi husema muti. Penye mtoto husema mutoto, penye watoto husema batoto, na penye hapa husema apa. Mwalimu aliyefunzwa kudai Kiswahili sanifu huandika makosa manne. Je, ni makosa ya kusoma? Kwa muti na mutoto jibu ni hapana. Mtoto ameziona herufi, amezitambua, na amezitamka kwa matamshi ya nyumbani kwao. Kinyume chake, anayesoma moto penye mtoto amekosea kweli, kwa sababu ameruka herufi na kupata neno jingine, hata kama matamshi yake ni sanifu kabisa.

Neno batoto linataka uangalifu zaidi. Yawezekana mtoto ameisoma silabi wa na kuigeuza kwa mazoea ya lugha yake, na yawezekana pia kwamba haijui kabisa, akabahatisha neno kwa kutazama mwisho wake. Njia ya kutambua ni kumpa neno ambalo wa si kiambishi ndani yake, kama vile wali au kiwanja. Akilitamka sawasawa, basi herufi anaijua, na batoto ni lahaja tu. Kuhusu h, ulimi hauwezi kusaidia, kwa kuwa watoto wengi hawaitamki mahali popote. Hapo mwalimu huandika a, ha na ka, kisha humwomba mtoto aonyeshe ha kwa kidole.

Jambo hili si dogo. Darasa likipimwa bila kanuni hiyo, watoto wanaosoma vizuri kwa matamshi ya Lubumbashi watarudishwa kwenye kundi la silabi, na watakaobaki juu ni wale ambao wazazi wao huzungumza Kiswahili cha pwani au cha vitabuni. Kipimo kitakuwa kimepanga familia, wala si ujuzi. Matamshi sanifu yana somo lake, na mwalimu ana haki ya kuyafundisha. Lakini hayafundishwi kwa kumnyima mtoto aya anayoiweza.

4. Darasa moja kwa hesabu

Andiko dhana hupata nguvu likionyesha darasa moja lilivyo. Ichukuliwe kwamba darasa lina watoto 64. Kumpima kila mmoja dakika tatu ni dakika 192, yaani zaidi ya saa tatu. Haiwezekani kwa siku moja. Mwalimu hupima watoto 13 kila siku kwa siku tano, wakati wengine wananakili au wanachora, na kazi huchukua kama dakika 40 kwa siku. Matokeo ya mfano ni haya: 11 wako mwanzo, 19 wanajua silabi tu, 16 wanasoma maneno, 12 wanasoma aya, na 6 wanasoma hadithi.

Ngazi ni tano, lakini mtu mmoja hawezi kuendesha makundi matano. Huunganishwa yawe matatu. Wale 11 na wale 19 hufanya kundi la silabi la watoto 30. Wa maneno hubaki 16. Wa aya na hadithi huwa 18. Shule yenye madarasa mawili ya tatu ina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa walimu wawili wanaweza kubadilishana watoto saa hiyo, mmoja akachukua silabi za madarasa yote mawili na mwingine akachukua waliobaki.

Katika dakika 45, mwalimu hukaa dakika 20 na kundi la silabi, 10 na la maneno, na 10 na la aya. Tano humezwa na mwendo wa watoto. Mgawo huo hauko sawa, na haukusudiwi kuwa sawa. Wanaojua kidogo ndio wanaohitaji mtu mzima karibu, ilhali wanaosoma aya wanaweza kusomeana wawili wawili.

Kinachowavunja moyo walimu kwa kawaida ni fishi. Wakiambiwa kwamba makundi matatu yanadai matayarisho matatu, watafanya wiki moja kisha wataacha, na hakuna wa kuwalaumu. Kwa hiyo warsha hufundisha matini moja yenye milango mitatu. Mfano wake ni huu:

Mama Kito ana kuku. Kuku ametaga mayai sita. Mbwa amekula mayai mawili. Mama anauza mayai matatu sokoni. Yai moja ni la Kito.

Mwalimu huwasomea wote matini hii mara moja. Kisha kundi la silabi huchukua ma, ku, ta na la, huzitafuta katika sentensi zilizoandikwa ubaoni, na kwa vipande vya katoni hujenga mama, kuku, kula na lala. Kundi la maneno husoma mayai, sokoni, anauza na mbwa, hili la mwisho likiwa na ugumu wa konsonanti tatu mfululizo, kisha kila mtoto huandika sentensi yake yenye neno moja kati ya hayo. Kundi la aya husoma yote na kujibu: kwa nini Kito amepata yai moja tu? Jibu haliko katika sentensi yoyote peke yake. Mtoto sharti aziunganishe nne. Vifaa ni katoni, wino na ubao, na bajeti yake haifiki kurasa mbili.

5. Ratiba

Ratiba ya siku tatu inafuata kanuni moja: asubuhi walimu hujifunza jambo, mchana hulifanya pamoja na watoto halisi. Kwa sababu hiyo warsha hufanyika shuleni wakati masomo yanaendelea, si katika ukumbi wa kukodi wakati wa likizo. Ni jambo linalosumbua, na waandalizi wengi hulikwepa.

Siku ya kwanza ni ya kipimo peke yake. Kuanzia saa mbili hadi saa nne mwezeshaji anampima mtoto mbele ya wote, kisha walimu hujadili kila kosa: je, ni la herufi au la lahaja? Kuanzia saa nne na nusu hupimana wao kwa wao, mmoja akiigiza mtoto. Mchana kila jozi ya walimu hupima watoto kumi. Wote wawili humsikiliza mtoto yuleyule, kila mmoja akiandika ngazi yake bila kumwonyesha mwenzake. Siku hufungwa kwa kulinganisha karatasi hizo, na kwa kawaida ndipo mjadala wa kweli huanza.

Siku ya pili walimu huunda makundi kutokana na matokeo ya jana, na kuandika fishi tano za matini moja zitakazotosha wiki ya kwanza. Siku ya tatu wanne kati yao huendesha dakika 45 kamili katika madarasa ya shule mwenyeji, wengine wakiangalia na kuhesabu jambo moja tu: ni dakika ngapi kila kundi limekaa bila kazi. Baada ya hapo wakuu wa shule hukaa na walimu wao na kuandika saa ya makundi katika ratiba, siku kwa siku, na kutia sahihi.

Kinachofuata hakimo katika siku tatu, lakini kimo katika andiko na katika bajeti yake: ziara mbili za darasani, wiki ya tatu na wiki ya saba, na kikao cha walimu wa kila shule mara moja kwa mwezi. Fedha zikipungua, heri kuondoa siku moja ya warsha kuliko kuondoa ziara.

6. Tathmini

Karatasi inayomwuliza mshiriki kama ameridhika hupima chakula na ukarimu wa mwenyeji. Inaweza kutolewa, lakini isiitwe tathmini.

Tathmini ya kwanza hufanyika jioni ya siku ya kwanza, kwa zile karatasi mbili za kila jozi. Walimu wawili wakikubaliana ngazi kwa watoto wanane au zaidi kati ya kumi, kipimo kimeeleweka. Wakikubaliana kwa watano, hakuna maana ya kuendelea na makundi kesho yake. Asubuhi ya siku ya pili hurudia kipimo. Mwezeshaji atazame pia mahali walipotofautiana. Ikiwa tofauti nyingi ziko kwenye maneno kama mti na hapa, shida ni lahaja, na hutatuliwa kwa saa moja. Ikiwa zimetapakaa kila mahali, huenda walimu hawasikilizi, bali wanakisia kwa sura na mavazi ya mtoto.

Ya pili ni ya ziara. Mtembeleaji haulizi kama makundi yapo, kwa sababu ataambiwa yapo. Huchukua daftari la mwalimu na kutafuta majina yaliyohama. Ikiwa wiki ya saba imefika na watoto 64 wako palepale walipowekwa mwanzo, makundi yamekuwa matabaka, na yale maneno ya kundi la wajinga yamekwisha kuzaliwa uwanjani, hata kama makundi yalipewa majina ya ndege au ya mito. Hapo mwalimu husaidiwa kupima upya siku hiyohiyo, akianza na kundi la silabi, ambako waliokuwa karibu kuvuka ni wengi zaidi.

Ya tatu hufanyika wiki ya kumi, kwa kipimo kilekile chenye maneno mapya. Mwalimu hapimi darasa lake mwenyewe. Shule hubadilishana walimu, maana hakuna mtu anayeweza kusikiliza kwa haki mtoto aliyemfundisha kwa wiki kumi. Tena, watoto hujifunza kitu katika wiki kumi hata pasipo warsha, hivyo kupanda kwao peke yake hakuthibitishi lolote. Njia iliyo ndani ya uwezo wa shule nane ni kuanza na shule nne zitakazochaguliwa kwa kura, na kuziacha nne nyingine zianze muhula unaofuata, huku watoto wa shule zote nane wakipimwa mwanzoni na mwishoni. Shule nne kwa nne ni chache mno kwa kutoa kauli juu ya mji mzima wa Lubumbashi, na andiko liseme hivyo waziwazi kwa mfadhili.

Idadi inayotazamwa kwanza ni ile ya chini. Wastani wa darasa waweza kupanda kwa sababu wale 18 wa aya wamesonga mbele, huku wale 11 wa mwanzo wakibaki walipokuwa. Kwa hiyo taarifa ya mwisho huanza na watoto hao 11 wa kila darasa: ni wangapi sasa wanasoma silabi, ni wangapi wanasoma maneno, na ni wangapi ambao hawakuonekana tena shuleni tangu kipimo cha kwanza. Hao wa mwisho huhesabiwa pamoja na wengine, wala hawafutwi katika orodha.